Dada, Nitoze Asilimia 14 au 16?

Mdogo wangu wa Nakuru, barua yako imenifikia pamoja na picha za karatasi zako. Nimeamua kukujibu hapa mbele ya wenzako, mwezi huu wa Januari 2021, maana tangu kiwango cha VAT kirudi asilimia 16 tarehe 1 Januari 2021, wengi wanaouza kwa mkopo na kupeleka mzigo kwa awamu wamekwama palepale ulipokwama wewe.

Kwanza niwaeleze wasomaji kisa chenyewe. Una karakana ya useremala. Novemba 2020 shule moja ya binafsi ilikuagiza madawati 200, kila moja shilingi 5,000 kabla ya VAT, ili watoto wakirudi darasani Januari wasibanane. Agizo lao lilisema watatanguliza asilimia 30 ya thamani ya agizo lote. Tarehe 20 Novemba wakakuwekea benki arubuni ya shilingi 342,000. Tarehe 22 Desemba ulipakia madawati 80 kwenye lori ukayapeleka. Mengine 120 yalifika shuleni tarehe 6 Januari, siku mbili baada ya shule kufunguliwa. Tarehe 8 Januari karani wako akaandika ankara moja ya madawati yote 200, akaweka VAT ya asilimia 16 juu ya shilingi milioni moja, jumla ikawa 1,160,000.

Mhasibu wa shule akairudisha. Anasema walilipa arubuni Novemba, wakati kiwango kilikuwa 14, kwa hiyo agizo zima ni la 14. Karani wako naye anashikilia kwamba ankara ni ya Januari, na Januari ni 16. Umeniuliza umsikilize yupi.

Karani wako amekosea kabisa. Mhasibu wa shule ameshika jambo la kweli, ila amelivuta mbali kuliko linavyofika. Twende polepole.

Kiwango hiki kimebadilika mara mbili katika miezi tisa. Mwishoni mwa Machi 2020, corona ilipoingia, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba VAT ingeshuka kutoka 16 hadi 14. Waziri wa Fedha akatoa Tangazo la Kisheria nambari 35 la 2020, na kuanzia tarehe 1 Aprili tukawa tunatoza 14. Sheria inampa waziri uwezo huo: anaweza kupandisha au kushusha kiwango kwa tangazo, mradi badiliko lisizidi robo ya kiwango chenyewe. Ndiyo maana mambo haya huja kwa ghafla, bila kusubiri bajeti ya Juni. Kisha kwa tangazo jingine, kuanzia tarehe 1 Januari 2021, tukarudi 16.

Sasa, watu husikia tarehe 1 Januari wakadhani swali ni ankara iliandikwa lini. Sheria inauliza mauzo yalitokea lini, na yenyewe inaeleza jinsi ya kuijua siku hiyo. Kifungu cha 12 cha Sheria ya VAT ya 2013 kinataja matukio manne: siku bidhaa ilipofikishwa au huduma ilipotolewa, siku msanifu, mpima au msimamizi mwingine wa kazi alipotoa cheti chake, siku ankara ilipotolewa, na siku malipo yalipopokewa, yote au sehemu yake. Tukio lililotangulia mengine ndilo linaloamua. Siku hiyo ndiyo siku ya mauzo, na kiwango kilichokuwapo siku hiyo ndicho kinachotozwa. Yanayofuata baadaye, hata ankara iwe na muhuri mzuri namna gani, hayabadilishi kitu.

Habari ya cheti cha msanifu inawahusu zaidi wakandarasi wa ujenzi, nami siku nyingine nitarudi kwao. Kwako wewe yamebaki matatu: mzigo, ankara, pesa. Chukua kila kundi la madawati, uliandikie tarehe zake tatu pembeni, utafute iliyo ya kwanza. Usilitazame agizo kama kitu kimoja. Hapo ndipo karani na mhasibu wote wawili walipoteleza, kila mmoja kwa upande wake.

Tuanze na yale madawati 80. Yalifika shuleni tarehe 22 Desemba na delivari noti ikasainiwa. Ankara ilikuja tarehe 8 Januari, na salio bado hawajalipa. Tarehe ya kwanza hapo ni ya Desemba, hata tukiiweka arubuni kando. Basi madawati hayo ni ya asilimia 14, hakuna ubishi. Kuchelewa kuandika ankara hakumpi mtu kiwango kipya. Karani alipoyatoza 16 aliiongezea shule shilingi 8,000 isizodaiwa. Na kwa shule, pesa hizo zinakwenda moja kwa moja. Huduma ya elimu imesamehewa VAT, kwa hiyo shule haitozi VAT kwenye karo na haiwezi kudai VAT iliyolipa kwenye manunuzi yake. Ungekuwa unauzia hoteli iliyosajiliwa, mhasibu wake angekunja uso kidogo tu, maana angeidai kwenye ritani yake. Kwa shule, kila asilimia ni gharama. Usimwone mhasibu yule kuwa ni msumbufu. Anafanya kazi yake.

Madawati 120 ya mwisho yalifika tarehe 6 Januari. Ankara ni ya tarehe 8. Kama kusingekuwa na arubuni, yote yangekuwa ya 16, hata kama uliyachonga Novemba na yakalala karakanani Krismasi nzima. Siku ya kuchonga si tukio la kifungu cha 12, wala siku ya kupokea agizo. Profoma uliyowatumia Novemba nayo haihesabiki, kwa sababu si ankara ya kodi. Ni makadirio ya bei tu. Nimeona watu wakitoa profoma ya Novemba yenye asilimia 14 kama ushahidi. Haitawasaidia.

Tumefika kwenye arubuni, na hapa nataka tukae kidogo.

Shilingi 342,000 ni 300,000 pamoja na VAT ya 14. Uliipokea tarehe 20 Novemba, kabla ya mzigo wowote na kabla ya ankara yoyote. Kwa pesa hizo, tarehe ya kwanza ni ya Novemba. Kwa hiyo 300,000 ni za asilimia 14 daima, na hakuna tukio la Januari linaloweza kuzirudisha mezani zitozwe upya kwa 16. Hilo ndilo jambo la kweli aliloshika mhasibu wa shule.

Lakini yeye anasoma maneno "yote au sehemu yake" kana kwamba shilingi ya kwanza ikiingia, agizo zima limeuzwa siku hiyo. Maneno ya kifungu yanampa pa kushikia, sikatai. Hata hivyo mimi nisingeyasoma hivyo kwa agizo kama lako, linalohesabiwa kwa dawati na kupelekwa kwa awamu. Kila mzigo uliofikishwa ni mauzo yake, na arubuni huvuta nyuma kiasi kile tu inachokilipia. Kuna sababu ya pili, na hii ni ya kujilinda: anayedaiwa na KRA ni muuzaji. Ukitoza 14 kwenye yote, kisha mkaguzi akaja na usomaji wa kugawanya, tofauti itatoka mfukoni mwako pamoja na adhabu, wala si kwa shule. Shule ikisisitiza, kuna njia mbili za haki. Mnaweza kumwandikia Kamishna kuomba uamuzi wa maandishi kuhusu muamala huu, njia ambayo Sheria ya Taratibu za Kodi inaitambua. Au shule ikuandikie kwamba, iwapo KRA itadai tofauti, itailipa yenyewe. Kwa maneno ya mdomo, usikubali.

Linabaki swali moja ambalo hakuna kati yenu aliyeliuliza, nalo ndilo linaloamua hesabu yako: arubuni ile ililipia madawati yapi?

Ukisema ililipia madawati ya kwanza kutoka, basi 300,000 zote zinaingia ndani ya yale 80 ya Desemba, ambayo thamani yake ni 400,000 na tayari ni ya 14 kwa sababu ya tarehe ya kufikishwa. Hapo arubuni haijakuokolea kitu Januari. Madawati 120 yote, thamani 600,000, yanatozwa 16, na VAT ya agizo zima inakuwa shilingi 152,000.

Ukisema ililipia asilimia 30 ya kila dawati, mambo yanageuka. Katika zile 300,000, shilingi 120,000 ni za madawati 80 ya kwanza, na 180,000 ni za yale 120 ya mwisho. Hizo 180,000 zilipokewa Novemba, kwa hiyo ni za 14 ingawa madawati yenyewe yalifika Januari. Zinazobaki kutozwa 16 ni 420,000. Jumla ya VAT inakuwa 148,400.

Tofauti ya njia hizi mbili ni shilingi 3,600. Si nyingi, lakini lazima uchague moja na uweze kuitetea, na wa kukuchagulia ni karatasi, si kupenda kwako. Agizo la shule linasema "asilimia 30 ya thamani ya agizo lote". Halikusema arubuni ni ya mzigo wa kwanza. Maneno hayo yanaigawa arubuni juu ya madawati yote sawasawa, kwa hiyo njia ya pili ndiyo yako. Kama agizo lingesema arubuni itakatwa yote kwenye mzigo wa kwanza, ningekuambia ufuate njia ya kwanza bila kusita. Wenzangu mnaosoma, mnapoandikiana maagizo ya awamu, wekeni mstari huo mmoja wa kusema arubuni inakatwa wapi. Kiwango kikibadilika katikati, mstari huo ndio utakaotazamwa.

Sasa hesabu yako kamili, mdogo wangu. Novemba ulipokea arubuni ya 300,000, VAT ya 14 ni 42,000. Desemba ulipeleka madawati ya 400,000, lakini 120,000 kati yake zilishahesabiwa Novemba, kwa hiyo zimebaki 280,000, na VAT ya 14 ni 39,200. Januari ulipeleka ya 600,000, ukatoa 180,000 za arubuni, zikabaki 420,000, na VAT ya 16 ni 67,200. Bei ya madawati na VAT yake ni 1,148,400. Shule imeshalipa 342,000. Salio ni 806,400. Karani wako alikuwa anadai salio la 818,000, yaani 11,600 zaidi. Mhasibu wa shule alikuwa anataka kulipa 798,000, yaani 8,400 pungufu. Mpelekee hesabu hii ikiwa imeandikwa mistari mitatu, kila mstari na tarehe yake na kiwango chake. Nina imani atailipa, maana sasa ataona kwamba hujamtoza 16 pale alipolipa Novemba.

Usiichane ile ankara ya tarehe 8, wala usiandike nyingine yenye nambari ileile. Mashine yako ya ETR imeshaihifadhi, na risiti yake ina tarehe na saa. Toa krediti noti ya ankara nzima, uandike nambari ya ankara inayofutwa na sababu yake: kiwango cha kodi kilikosewa kwenye sehemu ya mauzo. Sheria inakupa miezi sita tangu ankara ilipotolewa, lakini wewe usingoje. Itoe kabla mwezi huu wa Januari haujaisha, ili ankara mbovu na krediti noti yake ziingie kwenye ritani moja na kufutana. Ukiitoa Februari, ritani ya Januari itabeba VAT ya 160,000, utalipa kodi usiyodaiwa, halafu uisubiri irudi mwezi unaofuata.

Baada ya hapo andika ankara sahihi. Ningependa ziwe tatu, kwa sababu sheria inataka ankara ya kodi itolewe wakati wa mauzo, na mauzo yako yalikuwa ya nyakati tatu. Ila ikiwa shule inataka karatasi moja, inawezekana pia, mradi kila sehemu iwe na mstari wake: arubuni ya tarehe 20 Novemba, mzigo wa tarehe 22 Desemba ukiondoa arubuni, mzigo wa tarehe 6 Januari ukiondoa arubuni. Jumla ya asilimia 14 iwe peke yake, na ya 16 peke yake. Usichanganye viwango viwili ukatoa wastani. Kuna mtu aliniletea ankara yenye "VAT 15%" akidhani amepatana katikati. Kiwango hicho hakipo kwa bidhaa hizi.

Tarehe utakayoiandika juu ya ankara ni ya leo, siku unayoiandika kweli. Tarehe ya mzigo au ya malipo inakaa kwenye mstari wake. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu kuna msomaji mwingine, wa Kisumu, aliyeniuliza kama anaweza kuandika ankara ya tarehe 30 Desemba leo hii, ili mteja wake apate 14 kwenye mzigo uliofika Januari. Hapana, dada yangu. Huko ni kughushi. Mashine ya ETR inatunza mfululizo wa kila siku na ripoti yake ya jioni. Ankara ya Desemba iliyotokea Januari inaonekana kwa mkaguzi dakika anapolinganisha kitabu chako na mashine. Kama ungeitoa kweli tarehe 30 Desemba, kwa agizo la kweli, lingekuwa jambo jingine: ankara ingekuwa tukio la kwanza, na kiwango kingekuwa 14 hata mzigo ukifika Januari. Lakini hapo pia ungekuwa umejitwika kuilipa kodi hiyo kufikia tarehe 20 Januari, mteja akiwa hajakulipa hata senti.

Na hapo ndipo ninapokuja kwenye jambo ambalo hukuniuliza, mdogo wangu, nililoliona kwenye picha zako. Arubuni ya Novemba hukuiweka kwenye ritani. Uliiandika kitabuni kama pesa iliyopokewa, ukasubiri ankara. Madawati ya Desemba nayo hukuyaweka, kwa sababu ileile. Ritani ya VAT ni ya kila mwezi na inatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi ya arubuni, 42,000, ilitakiwa tarehe 20 Desemba. Ya madawati 80, 39,200, ilitakiwa tarehe 20 mwezi huu. Zote mbili zimepita.

Usifanye kile ambacho wengi hufanya, kuzisukuma zote kwenye ritani ya Januari ukisema kodi ni kodi, KRA itapata pesa yake. Ukiziweka Januari utakuwa unatangaza mauzo ya 14 katika mwezi wa 16, na mkaguzi ataanza kuuliza maswali ambayo kwa sasa hana sababu ya kuyauliza. Ingia iTax, fanyia marekebisho ritani ya Novemba, kisha ya Desemba, kila moja ikiwa na mauzo yake ya mwezi wake. Utatozwa adhabu ya asilimia 5 ya kodi iliyochelewa na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Ukilipa kabla Januari haijaisha, nakadiria itafika kama shilingi 5,300 kwa miezi yote miwili. Inauma, najua, hasa ukiwa bado hujalipwa salio. Lakini riba haisimami, na marekebisho unayoyafanya mwenyewe ni mepesi kuyaeleza kuliko yale unayofanyiwa.

Weka pia ushahidi wa kila tarehe. Kwa arubuni, taarifa ya benki inayoonyesha siku pesa zilipoingia. Kwa mzigo, delivari noti yenye sahihi ya aliyepokea, tarehe kwa mkono wake, na idadi ya madawati. Nimeitazama delivari noti yako ya Desemba: ina sahihi, ina muhuri wa shule, haina tarehe. Rudi shuleni leo, umwombe mtunza stoo akupe nakala ya ukurasa wa kitabu chao cha kupokea mizigo wa siku ile. Usimwombe aongeze tarehe kwenye karatasi ya zamani. Bila ushahidi huo, mkaguzi akikuta ankara ya Januari tu, ataichukua Januari kuwa ndiyo tarehe, na wewe ndiye utakayebeba kazi ya kumwonyesha vinginevyo.

Kwa upande wa manunuzi, mbao zako ulizinunua Desemba kwa VAT ya 14, ukazitumia kwa madawati yaliyotoka Januari. Unadai 14, ile iliyoandikwa kwenye ankara ya mwenye mbao na uliyotozwa kweli. Kiwango cha kuuza na kiwango cha kununua havilazimiki kufanana. Kila mauzo yana tarehe yake.

Wasomaji wanaotoa huduma wameuliza pia. Kampuni ndogo ya kufagia ofisi iliyofanya kazi mwezi mzima wa Desemba na kutuma ankara tarehe 5 Januari inatoza 14, kwa sababu huduma ilimalizika kutolewa Desemba. Mteja akilipa mapema kazi ya Januari, pesa zikaingia tarehe 28 Desemba, nayo ni ya 14. Mambo haya yalikuwa hivyohivyo Aprili 2020, ila kinyume: mzigo uliofika tarehe 28 Machi ukaandikiwa ankara tarehe 3 Aprili ulikuwa wa 16, na wauzaji wengi waliupa 14 wakidhani wanawasaidia wateja. Kama ulifanya hivyo, tofauti ya asilimia 2 bado inadaiwa kwako, na ni afadhali uitafute wewe kwanza.

Madawati yakirudishwa je? Tuseme katika yale 80 ya Desemba, manne yana miguu iliyolegea na shule inayarudisha wiki ijayo. Krediti noti yake inatumia kiwango cha mauzo ya awali, yaani 14, hata ikiandikwa Februari. Unarudisha kodi uliyotoza, si kodi ya siku ya kurudisha. Ukiwapelekea mengine badala ya hayo kwa agizo jipya, hayo yatakuwa mauzo mapya na kiwango chake kitakuwa 16. Lakini ukiwatengenezea miguu na kuwarudishia madawati yaleyale bila malipo, hakuna mauzo mapya hapo, na ankara ya awali inabaki kama ilivyo. Ni njia rahisi zaidi kwenu nyote, kama mbao bado ni nzima.

Limebaki swali lako la mwisho, uliloliandika pembeni kwa penseli: shule nyingine ya hapo Nakuru ulikubaliana nayo Desemba bei ya shilingi 5,700 kwa dawati "pamoja na VAT", madawati 120, bila arubuni, kupelekwa Februari. Hapa, mdogo wangu, sheria ya kodi imekwisha kusema neno lake: mzigo ukifika Februari ni 16. Lakini nani anaibeba ile nyongeza, hilo linaamuliwa na mkataba wenu. Kama ungewaandikia 5,000 na VAT kwa kiwango kitakachokuwapo siku ya kupeleka, wangelipa 5,800. Umeandika 5,700 pamoja na VAT, basi bei hiyo inabaki 5,700, na kodi inatolewa ndani yake: 5,700 mara 16, gawanya kwa 116, ni 786.21. Desemba ungetoa 700 tu. Kila dawati unapoteza shilingi 86, kwa madawati 120 ni kama 10,345.

Wapigie simu wiki hii, kabla hujapakia. Waambie kiwango kimebadilika kwa tangazo la serikali na uwaombe mkubaliane bei mpya kwa maandishi. Hawalazimiki kukubali. Wakikataa, una chaguo moja tu lililo halali la kupunguza hasara, nalo ni kupunguza gharama zako wewe. Usiwaandikie ankara ya 14 ili mambo yaende, na usiwaongezee 100 kwenye ankara kimyakimya ukidhani hawataona. Kwa mkataba ujao, andika bei kabla ya VAT, na chini yake: VAT itatozwa kwa kiwango kilichopo kisheria siku ya mauzo.